Kulinda Kikoa Kisiporwe: Kufuli la Msajili, Malipo ya Kiotomatiki na Taarifa za Mawasiliano (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Maswali haya huulizwa na wenye maduka, nyumba za wageni, shule na vyama vya akiba wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, ambao wengi wao walijengewa tovuti na fundi na hawajawahi kuingia wenyewe katika akaunti ya kikoa. Majibu yanahusu zaidi majina yanayoishia na `.com`, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa bayana na kila mtu anaweza kuzisoma. Majina ya `.ke` yana sehemu yake mwishoni.

## Mambo ya msingi

Kikoa huporwaje, ilhali nimekilipia?

Kikoa, au domeini kama wengi wanavyosema, si mali iliyofungiwa kabatini. Ni ingizo katika rejista kuu, na ingizo hilo hubadilishwa na msajili kwa amri ya yeyote anayefika mbele yake kama mwenye akaunti. Mporaji hahitaji kuvunja chochote katika tovuti yako. Anachohitaji ni kuingia katika akaunti iliyo kwa msajili, na njia iliyozoeleka zaidi ni kubonyeza sehemu ya kusahau nenosiri kisha kupokea kiungo kilichotumwa kwa barua pepe ya akaunti.

Ndiyo maana ninasisitiza mpangilio ambao wengi huugeuza. Watu hukimbilia kuangalia kufuli, wakaliona limewekwa, wakatulia. Lakini kufuli hufunguliwa na aliye ndani ya akaunti, na aliye ndani ya akaunti ni yule anayeshika barua pepe. Anza na barua pepe, fuata malipo, kisha malizia na kufuli.

Ni nani hasa anayekishika kikoa changu: fundi, msajili au rejista?

Wote watatu, kila mmoja kwa nafasi yake. Rejista kuu hutunza orodha nzima ya majina ya aina moja: ya `.com` huendeshwa na Verisign, na ya `.ke` huendeshwa na KENIC. Msajili ndiye aliyeruhusiwa kuandika katika orodha hiyo kwa niaba ya wateja. Fundi mara nyingi ni mteja wa msajili kama ulivyo wewe, tofauti ikiwa kwamba akaunti ilifunguliwa kwa jina lake. Ukimlipa fundi kwa M-Pesa kila mwaka, una risiti, lakini risiti hiyo haikufanyi kuwa mwenye kikoa machoni pa msajili. Mwenye kikoa ni aliyeandikwa katika sehemu iitwayo `Registrant`.

Nitaonaje hali ya kikoa changu bila nenosiri la fundi?

Sehemu kubwa ya hali hiyo ni ya wazi. Fungua `lookup.icann.org`, andika jina la kikoa, kisha soma mambo matatu: jina la msajili, tarehe, na mistari ya `Status`. Anayezoea kuandika amri anaweza kuuliza rejista ya `.com` moja kwa moja:

```
curl -s https://rdap.verisign.com/com/v1/domain/example.com
```

Weka kikoa chako mahali pa `example.com`. Katika jibu, tafuta `status`, kisha `events`, ambamo `expiration` ni tarehe ya kuisha na `last changed` ni mara ya mwisho ingizo lilipoguswa. Iwapo `last changed` ni ya wiki iliyopita na wewe hukubadilisha kitu, uliza siku hiyohiyo.

Jambo ambalo hutaliona huko ni barua pepe ya mwenye kikoa, kwa kuwa taarifa hizo sasa hufichwa kwa ajili ya faragha. Hiyo huonekana ndani ya akaunti pekee, na ndiyo sababu huwezi kumaliza ukaguzi bila kuingia ndani.

## Taarifa za mawasiliano

Barua pepe ipi inafaa kuandikwa?

Andika barua pepe inayosomwa kila siku, iliyo mikononi mwa mwenye biashara, iliyowekewa uthibitishaji wa hatua mbili, na isiyotegemea kikoa kilekile inachokilinda. Sharti hili la mwisho husahauliwa sana. Ukiandika `info@` ya kikoa chako mwenyewe, siku kikoa kitakapozimwa kwa kutolipiwa, barua za onyo zitaelekezwa kwenye sanduku lililozimwa pamoja nacho. Vilevile, mporaji akigeuza seva za majina, yaani zinazoelekeza tovuti na barua za kikoa ziende wapi, yeye ndiye atakayepokea barua zako, pamoja na zile za kurejesha nenosiri.

Anwani ya zamani ya Gmail isiyotumika pia haifai. Tangu Desemba 2023, Google imekuwa ikifuta akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka 2.

Barua pepe iliyoandikwa ni ya fundi. Kuna hatari gani, nikiwa ninamwamini?

Hatari haimo katika tabia ya fundi, imo katika kikoa cha fundi. Nitaeleza kisa nilichoshughulikia mwenyewe.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Milimani, Kisumu, aliniomba nimkagulie kikoa chake cha `.com`. Kwa nje kila kitu kilikuwa sawa: kufuli lilikuwepo, na tarehe ya kuisha ilikuwa 20 Agosti, miezi miwili mbele. Nilipomuuliza barua pepe iliyoandikwa ni ipi, alishangaa. "Mwanangu, si nilimlipa yule kijana kila mwaka?" Nikamjibu, "Ulimlipa, Mama, lakini barua zinakwenda kwake, wala si kwako."

Tulimpata fundi huyo akiwa Nakuru, ambako alikuwa ameajiriwa baada ya kufunga kampuni yake. Alikuwa bado analo nenosiri, akalitoa bila kinyongo. Barua pepe ya akaunti, ambayo pia ndiyo iliyokuwa ya `Registrant`, ilikuwa `info@` ya kampuni ile iliyofungwa. Nikaangalia kikoa cha kampuni hiyo, nikakuta imeandikwa:

```
"status": ["redemption period"]
```

Tarehe ya `last changed` ilikuwa 4 Juni, na siku ile ilikuwa 16 Juni. Hali hiyo ni muda wa mwisho wa kukikomboa kikoa kilichofutwa na msajili. Hudumu siku 30, kwa hiyo ingefika 4 Julai. Zikifuatwa na siku 5 za `pendingDelete`, yaani za kusubiri kuondolewa kabisa, jina lingeachiliwa mnamo 9 Julai, na yeyote angeweza kulisajili kwa bei ya kawaida. Mtu huyo angefungua sanduku la `info@`, angeomba kurejeshewa nenosiri la akaunti, na angepokea kiungo. Kufuli lililokuwepo angelifungua kwa kubonyeza mara moja. Tulikuwa na siku 23.

Kwa nini msibadilishe barua pepe papo hapo, mkiwa ndani ya akaunti?

Tulijaribu. Msajili huomba kwanza uthibitisho kwa anwani ya zamani, na anwani ya zamani haikuweza kupokea barua yoyote, kwa sababu kikoa kilichomo katika `redemption period` huondolewa katika mfumo wa majina. Zilibaki njia mbili. Fundi angeweza kukikomboa kikoa chake kwa ada ambayo ni kubwa kuliko ya kawaida, au sisi tungepeleka ushahidi kwa msajili.

Tulichagua ushahidi. Kabla ya yote tuliwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu ya Mama mwenyewe, ili hata kiungo cha nenosiri kikimfikia mgeni, asiweze kuingia kwa kiungo hicho peke yake. Kisha tukatuma nakala ya kitambulisho chake, cheti cha usajili wa biashara, ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya miaka iliyopita, na barua fupi ya fundi akikiri kwamba alisajili kwa niaba yake. Msajili alikamilisha mabadiliko tarehe 25 Juni. Nilipoangalia tena tarehe 11 Julai, kikoa cha kampuni ile kilikuwa tayari kimesajiliwa na mtu mwingine, kupitia msajili mwingine.

Baada ya kubadilisha barua pepe, nitarajie nini?

Tarajia barua ya kuthibitisha anwani mpya, na uibonyeze mapema, kwa sababu usipoithibitisha ndani ya siku 15 msajili anaweza kukizima kikoa, na hali itasomeka `clientHold`. Watu wamewahi kudhani wameporwa kumbe barua hiyo ilikuwa katika kisanduku cha taka.

Pia, kwa majina ya `.com`, kubadilisha jina, shirika au barua pepe ya mwenye kikoa kwa kawaida huleta zuio la siku 60 la kuhamia kwa msajili mwingine. Zuio hilo halizuii kulipia. Kikoa cha Mama kilizuiwa kuhamishwa hadi 24 Agosti, lakini malipo ya 20 Agosti yalipita bila tatizo.

Nambari ya simu ina umuhimu wowote?

Ina umuhimu kama msajili huitumia kurejesha akaunti kwa ujumbe mfupi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari yake hupewa mteja mwingine. Andika laini unayoitumia kila siku, na kwa hatua ya pili ya kuingia tumia programu ya misimbo badala ya ujumbe mfupi.

## Kuhuisha usajili kiotomatiki

Kitufe cha `Auto-Renew` kimewashwa. Je, nimemaliza?

Hapana. Kitufe hicho ni agizo la kujaribu kutoza, wala si ahadi kwamba pesa zitapatikana. Kadi huisha muda, hubadilishwa na benki, au huwekewa kikomo cha malipo ya mtandaoni. Anayelipa kwa M-Pesa ndiye anayedanganyika zaidi: kwa kawaida mfumo hutoa ankara yenyewe, lakini pesa hazitoki mpaka mwenye simu aweke PIN yake. Kwake yeye, kitufe kile hufanya kazi ya kumkumbusha tu.

Kwa hiyo angalia vitu viwili pamoja: kitufe, na njia ya malipo iliyounganishwa nacho pamoja na tarehe yake ya mwisho. Kama huna kadi ya kutegemea, lipia miaka kadhaa kwa mara moja. Kikoa cha `.com` kinaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele.

Nisipolipa kwa wakati, kikoa hupotea lini?

Msajili wa `.com` anatakiwa kukukumbusha takriban mwezi mmoja kabla, takriban wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Baada ya tarehe hiyo anaweza kukishikilia kikoa kwa muda usiozidi siku 45, na katika muda huo tovuti huzimwa. Akikifuta, huanza zile siku 30 na 5 zilizoelezwa katika kisa cha Milimani.

Usizijumlishe siku hizo ukaamini kwamba una miezi miwili na zaidi. Siku 45 ni upeo, si haki yako, na wasajili wengi hukipiga mnada kikoa kilichoisha kabla hakijafika hata katika hatua ya kufutwa. Mnunuzi wa mnada huo hajaiba kitu, na huna wa kumlalamikia.

Rejista inaonyesha kikoa kitaisha mwaka ujao, lakini msajili anasema kimeisha. Nani anasema kweli?

Msajili. Rejista ya `.com` huongeza mwaka mmoja yenyewe siku kikoa kinapoisha, kisha humpa msajili muda wa kuufuta mwaka huo kama mteja hakulipa. Katika muda huo, `expiration` ya rejista husomeka mwaka mmoja mbele ingawa hujalipa hata shilingi. Alama ya kukutambulisha ni `auto renew period` katika mistari ya hali. Ukiiona nawe huna risiti ya mwaka huu, lipa leo. Alama hiyo hubaki kwa siku kadhaa hata kwa aliyelipa, hivyo amini risiti na tarehe iliyo ndani ya akaunti.

## Kufuli la msajili

Nitajuaje kwamba kufuli limewekwa?

Ndani ya akaunti huitwa `Domain Lock`, `Registrar Lock` au `Transfer Lock`. Usiridhike na rangi ya kijani ya kitufe. Thibitisha katika rejista. Unatafuta mstari huu:

```
clientTransferProhibited
```

Kwa `curl` ya hapo juu utasomeka `client transfer prohibited`, na maana ni ileile. Ukikuta neno `ok` peke yake, ambalo kwa `curl` husomeka `active`, kikoa hakina kufuli lolote.

Kufuli hilo linazuia nini, na haliwezi kuzuia nini?

Linazuia jambo moja, yaani kuhamishwa kwa msajili mwingine. Ombi la kuhamisha hukataliwa papo hapo hata kama mwombaji ana msimbo wa kuhamisha. Haliwazuii waliomo ndani ya akaunti kubadilisha seva za majina, wala halizuii kikoa kusukumwa kwenda akaunti nyingine kwa msajili yuleyule. Mstari wa `clientUpdateProhibited` huzuia mabadiliko katika rejista, lakini nao huondolewa na msajili kwa ombi la mwenye akaunti.

Lililo imara zaidi ni kufuli la rejista yenyewe, ambalo mistari yake huanza na `server`, kama `serverTransferProhibited`. Kuliondoa huhitaji watu wa pande mbili wathibitishane nje ya akaunti. Hutozwa ada ya ziada, na kwa nyumba ya wageni ya vyumba vinane nadhani si lazima. Kwa chama cha akiba ambacho wanachama huingia mtandaoni kuangalia fedha zao, ningelilipia.

Nimepokea barua kwamba kikoa changu kinahamishwa. Nikinyamaza kitabaki?

Hapana, na hili linapaswa kujulikana na kila mwenye kikoa. Ombi la kuhamisha `.com` husubiri siku 5. Kama hukulikataa, ukimya wako huchukuliwa kuwa ridhaa. Lakini usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua, kwa sababu barua za uongo za aina hii ni nyingi. Andika mwenyewe anwani ya msajili wako, ingia, na utazame kama kuna ombi. Rejista itakuonyesha `pending transfer` kama ni la kweli.

## Hali zisizo za kawaida

Kikoa kimeshachukuliwa. Nianzie wapi?

Soma jina la msajili katika rejista. Kama ni yuleyule, mwombe msajili aifunge akaunti na azuie mabadiliko yote, kisha upeleke ushahidi wa aina iliyotajwa katika kisa cha Milimani. Kama ni mwingine, bado unaanza kwa msajili wako wa zamani, kwa kuwa ndiye mwenye njia ya dharura ya kumfikia mwenzake, ambaye anatakiwa kujibu ndani ya saa 4. Njia hiyo ni ya wasajili baina yao. Wewe huwezi kuitumia moja kwa moja. Msajili wako akizembea, malalamiko hupelekwa ICANN, shirika linalosimamia majina ya jumla kama `.com`.

Fanya haraka, maana mporaji huwa na subira. Kikoa cha `perl.com` kilipogeuzwa Januari 2021, ilibainika kwamba akaunti ilikuwa imevamiwa tangu Septemba 2020. Kikoa kilihamishwa Desemba bila seva za majina kuguswa, kwa hiyo tovuti iliendelea kufunguka kama kawaida na hakuna aliyeshuku. Kilirudishwa Februari 2021. Msajili angetazamwa katika rejista mwezi ule wa Desemba, jina jipya lingeonekana.

Je, haya yote yanahusu pia `.co.ke`?

Mpangilio ni uleule: barua pepe, malipo, kufuli. Hesabu za siku sizo. Kanuni za siku 60, 45 na 30 ni za ICANN kwa majina ya jumla, na `.ke` iko chini ya KENIC. Kwa hiyo usiitumie ratiba ya `.com` kuahirisha malipo ya `.co.ke`. Lipia kabla ya tarehe. Kuangalia, tumia:

```
whois -h whois.kenic.or.ke jina.co.ke
```

Ukikwama na msajili, hakikisha unazo nakala za vyeti vinavyobeba jina lilelile lililoandikwa kwa mwenye kikoa. Cheti chenye jina la kampuni hakisaidii sana ikiwa kikoa kimeandikwa jina la binamu aliyekisajili mwaka 2016.

Aliyeshika nenosiri ameacha kazi. Nibadilishe nini kwanza?

Badilisha barua pepe ya akaunti kwanza, ndipo nenosiri, kwa sababu nenosiri jipya linaweza kurejeshwa kupitia barua pepe ya zamani. Kisha ondoa kifaa chake katika uthibitishaji wa hatua mbili, kagua kama kuna watumiaji wengine walioongezwa, na uombe msimbo mpya wa kuhamisha, ili ule alionao usifae tena. Mwisho, fungua rejista siku ya pili na usome `last changed`: tarehe yake ilingane na siku uliyofanya mabadiliko.